Ala ya kwanza ukubwani: hela kidogo, mwalimu hayupo, na jinsi ya kukagua gitaa la mtumba kwa kadi tatu za benki

Ala yangu ya kwanza niliinunua nina miaka 33, fidla, elfu 70, kwa jamaa aliyekuwa anahama mtaa. Nikakaa nayo miezi minne hapa Morogoro na video za simu na sikutoa hata wimbo mmoja unaoeleweka, mpaka mtoto wa jirani akauliza kama kuna paka anaumwa. Uvivu haukuwa tatizo, nilikuwa nafanya kila jioni. Tatizo ni kwamba shingo ya fidla ni ubao mtupu, haina freti, vile vichuma vilivyolazwa kukatiza shingo, kidole kikikaa milimita mbili pembeni noti imeshaharibika, na mimi mgeni wa muziki sikuwa na sikio la kujua kwamba imeharibika. Mwenye mwalimu anaambiwa "sogeza kidole nyuma kidogo". Mimi wa kuniambia hakuwepo, kwa hiyo nikawa nafanyia mazoezi makosa, na yakakomaa vizuri kabisa.

Ndo maana mtu akiniuliza aanze na ala gani, siulizi kwanza anapenda muziki gani. Namuuliza: hiyo ala inakupa noti sahihi yenyewe au wewe ndo unaitafuta? Kwa mtu asiye na mwalimu swali hili linafuta nusu ya duka. Fidla nje. Tarumbeta na trombone nje, maana pale noti inatengenezwa na midomo, na ukizoea kukaza midomo vibaya kuja kuiachisha ni kazi kuliko kuanza upya. Udi nao hauna freti, labda uko Unguja au Mombasa ambako utapata mtu wa kukaa naye. Na hilo la mtu wa kukaa naye usilipuuze, wapo watu wanasema hawana mwalimu kumbe wako Dodoma vijijini na mzee wa pili kutoka kwao anapiga zeze na ilimba, au wako Siaya na kuna mpiga nyatiti kila msiba. Kama hiyo ndo hali yako, funga hapa, nenda kwa mzee.

Kwa waliobaki, ala zinazokupa noti yenyewe ni nne za kufikiria. Filimbi ile ya plastiki ya mashuleni, bei rahisi kuliko zote, ukiziba matundu vizuri na kupuliza taratibu noti inatoka, ila huwezi kuimba huku unapiga na watu wazima wengi wanaichoka mapema. Ukulele, nyuzi nne za nailoni, laini kwenye vidole, nzuri sana kama utaipata, shida huku kwetu nyingi zinazofika ni midoli, unatyuni sasa hivi ukimaliza kunywa chai imeshashuka. Kinanda. Na gitaa kavu, lile wengine wanaita galatoni au boksi.

Mara nyingi inaishia kwenye kinanda au gitaa, na hapo mimi naamua kwa nyumba unayolala. Kama umeme wako ni wa uhakika na umepanga chumba ukuta kwa ukuta na watu wanaoamka saa kumi, kinanda chenye tundu la hedfoni kitakuwezesha kupiga usiku bila ugomvi, na hakihitaji kutyuniwa maisha yake yote. Ukiendea kinanda cha mtumba bonyeza funguo zote moja moja kuanzia kushoto mpaka kulia, zote 61, halafu rudia kwa kubonyeza taratibu na kwa nguvu uone kama sauti inatofautiana. Funguo moja isiyolia mara nyingi ni uchafu kwenye raba ya ndani na fundi redio anaisafisha, ila zikiwa kadhaa zimekufa kwa mpangilio, mfano kila baada ya funguo nane moja bubu, hiyo ni saketi, achana nayo. Na adapta, jamani adapta, soma chini ya kinanda volti zake na ule mchoro mdogo wa duara unaoonesha chanya iko ndani au nje, kwa sababu zipo chapa zinatumia volti 12 chanya ndani na zipo za zamani volti 9 chanya nje, plagi zinafanana, na ukichanganya unaweza kuua kinanda dukani kabla hujalipa.

Lakini kama umeme wa mashaka, au unataka kitu unabeba mgongoni kwenda nacho kwenye jumuiya na shambani, ni gitaa. Na gitaa ndo lina mitego mingi kuliko yote, kwa sababu gitaa bovu linapiga kelele kama gitaa zima, mgeni hajui tofauti, anafikiri vidole vyake ndo vibovu, anaacha. Kwa hiyo humu kwenye gitaa nitakaa.

Mwaka jana shemeji yangu, mwalimu wa shule ya msingi kule Mpanda, miaka 43, akanipigia kwamba ana laki na ishirini na ameonyeshwa magitaa matatu ya mtumba sehemu tofauti, achague lipi. Mimi niko Morogoro. Nikamwambia chukua futi ya fundi cherehani, kadi zako za benki na kitambulisho, karatasi moja ya daftari, na simu iwe na chaji. Tulikagua kwa video kol na nitaenda kwa mpangilio ule ule, maana kila gitaa lilikuwa na ugonjwa wake.

Kwanza jua ni gitaa la aina gani kabla hujaligusa. Angalia pale nyuzi zinapoishia kwenye daraja, kile kibao kilichogundishwa juu ya tumbo. Kama nyuzi zimefungwa fundo zikazungushwa, na kichwani kuna mianya miwili mirefu, shingo pana, hilo ni klasiki na limetengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Kama nyuzi zinaingia ndani ya tumbo na kuzibwa na vipini vidogo sita, hilo ni la nyuzi za chuma. Hii siyo elimu ya urembo. Seti ya nailoni ikishatyuniwa inavuta kama kilo 40 zote kwa pamoja, seti ya kawaida ya chuma inavuta kama kilo 70. Sasa huku kwetu nailoni ni adimu, mtu anakatikiwa nyuzi anaenda kununua ya chuma anafunga kwenye klasiki, linalia kwa nguvu anafurahi, baada ya miezi tumbo limevimba na shingo imeinama mbele kama upinde. Gitaa la kwanza la shemeji lilikuwa hivyo hivyo, klasiki zuri la rangi ya asali lenye nyuzi za chuma. Nikamwambia liweke usawa wa macho uangalie juu ya tumbo nyuma ya daraja. Akasema "shemeji, kuna kitumbo". Tumbo la gitaa la nyuzi za chuma huwa na kimwinuko kidogo cha kawaida, lakini hapa karatasi ya daftari ilipita chini ya daraja upande wa nyuma, yaani gundi imeanza kuachia. Kama karatasi inaingia, hata wakupe kwa elfu 30 ondoka, labda una fundi wa kweli wa magitaa karibu, na kama unaye basi si wewe niliyekuwa namwandikia.

Ukishamaliza daraja, shika gitaa kama seremala anavyoangalia ubao, jicho moja limefumbwa, uangalie kutoka kichwani kuelekea tumboni kwenye ukingo wa shingo. Unatafuta mnyoofu wenye kauinamo kadogo sana. Kuhakikisha, bonyeza nyuzi nene kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa pamoja, nyuzi yenyewe sasa imekuwa rula, halafu chungulia katikati freti ya saba: kunatakiwa kuwe na upenyo mwembamba kama kadi ya mwaliko. Ukiona kama milimita moja nzima shingo imeinama. Magitaa mengi ya chuma yana fimbo ndani ya shingo inayokazwa kwa ufunguo wa pembe sita ule wenye umbo la L, robo mzunguko tu inatosha kubadilisha, ila kama ufunguo haupo na muuzaji anashangaa unaongelea nini, usinunue kwa matumaini.

Halafu futi. Hapa ndo gitaa la pili lilipoangukia, na lilikuwa linang'aa kweli, jeusi, na begi lake. Pima kutoka kile kipande cheupe cha kichwani ambapo nyuzi zinaanzia mpaka katikati ya chuma cha freti ya 12, mara nyingi ile yenye vidoti viwili. Halafu pima kutoka hapo mpaka kipande cheupe cha kwenye daraja. Freti ya 12 ni nusu ya nyuzi, ndo maana ukibonyeza pale noti ni ile ile ila ya juu, kwa hiyo vipimo viwili vinatakiwa karibu kulingana, cha upande wa daraja kikizidi milimita mbili mpaka nne au tano hivi kwa nyuzi nene, maana nyuzi ukiibonyeza inavutika kidogo na ile ziada ndo inafidia. Shemeji akasoma: sentimita 32.4 upande mmoja, 33.8 upande wa pili. Nikamwambia pima tena. 33.8. Milimita 14 zaidi. Lile daraja liliwahi kung'oka, mtu akaligundisha tena kwa macho, akapaka rangi nyeusi juu. Gitaa kama hilo unaweza kulityuni likiwa wazi liwe safi kabisa, ukishika kodi (za muziki, siyo za mwenye nyumba) linaanza kulia kama watu wanagombana, na hakuna mazoezi yatakayoliponya.

Usipokuwa na futi tumia tyuna ya simu, ziko za bure. Tyuni nyuzi ikiwa wazi mpaka mshale ukae katikati, kisha bonyeza freti ya 12 uone mshale umekaa wapi. Herufi iwe ile ile na mshale usitoke mbali na katikati. Ila ukikuta nyuzi zimeoza kwa kutu mshale utayumba hata kama gitaa ni zima, kwa hiyo mimi naamini futi kwanza, tyuna baadaye.

Sasa kadi. Hiki ndo kipimo ambacho natamani ningekijua zamani. Kadi ya benki, ya NIDA, zote zile ngumu zina unene wa milimita 0.76, ni kipimo cha dunia nzima ili ziingie kwenye mashine. Zipange juu ya freti ya 12 chini ya nyuzi nene bila kuinua nyuzi. Gitaa la chuma kadi tatu zikipita kwa kubanana, hiyo ni kama milimita 2.3, raha. Nne zikipita, milimita 3, unaweza kuishi nalo ila vidole vitalia. Tano au sita na mtu mzima aliyetoka kazini hawezi, ataona video wanaweka kidole kama wanagusa siagi, yeye anabonyeza mpaka mfupa, na hatajua kwamba wale wana gitaa lingine. Klasiki ya nailoni iko juu zaidi kwa asili yake, kadi nne hadi tano ni kawaida na haiumizi kwa sababu nyuzi ni laini.

Gitaa la tatu la shemeji lilikuwa baya kwa sura. Rangi imebabuka, kuna stika ya timu ya mpira imekwanguliwa nusu, na kile kishikio cha kuzungusha nyuzi ya tatu kilishavunjika kikabaki kichuma tu. La nyuzi za chuma kweli, vipini sita. Karatasi haikuingia. Shingo nyoofu. Futi ikasoma 32.3 na 32.6. Kadi zikapita nne.

Kadi nne siyo sababu ya kukataa moja kwa moja, inategemea kile kipande cheupe cha kwenye daraja kimesimama kiasi gani juu ya mbao. Kile kinachomoka kwa mkono nyuzi zikilegezwa, na unaweza kukisaga chini kushusha nyuzi. Kama kimesimama milimita nne, tano, una nafasi ya kushusha. Kama nyuzi ziko juu na kipande tayari kimezama kimebaki milimita moja, mtu kashashusha kila alichoweza na shingo imekwisha kuhama pembe yake. Hilo ndo gitaa la kukimbia, na ndo wanaloliuza kwa sura ya upole. La shemeji kilisimama milimita tano. Nikamwambia jaribu noti zote, nyuzi sita, freti 12 kila moja, bonyeza nyuma tu ya chuma siyo katikati ya nafasi, sikiliza inayozizima kama nyuki au inayokufa. Alichukua kama dakika saba, muuzaji akaanza kuuliza kama anakagua au anarekodi albamu. Freti mbili nyuzi nyembamba zilizizima kidogo, nyingine safi. Muuzaji akaanza na laki, wakafika elfu 85.

Hiyo elfu 35 iliyobaki haikuwa chenji ya soda. Gitaa la mtumba mimi nahesabu nyuzi mpya ndani ya bei, siku ile ile. Nyuzi elfu 12, na nilimwambia aangalie kwenye pakiti namba ya nyuzi nyembamba, achukue `.010` siyo `.012`, ni nyembamba zaidi, zinavuta kidogo, vidole vinapona haraka na gitaa la zamani linapumzika. Sandpepa moja ya elfu. Nyingine akarudi nayo nyumbani, nadhani mke wake hakuambiwa.

Kushusha nyuzi alifanya mwenyewe Jumamosi. Hesabu yake ni hivi: ukisaga milimita mbili kwenye kile kipande, nyuzi pale freti ya 12 inashuka moja, kwa sababu 12 iko katikati. Kutoka kadi nne kwenda tatu ni kama 0.75, kwa hiyo asage 1.5. Weka sandpepa juu ya kioo au kigae, chora mstari kwa penseli, sugua upande wa CHINI wa kipande, ule ulionyooka unaokaa ndani ya mfereji, usiguse mgongo wa juu, na kishike wima maana ukikiinamisha chini panakuwa duara na sauti inakufa. Nilimwambia asage milimita moja kwanza, arudishe, afunge nyuzi, apime. Kusaga zaidi unaweza, kurudisha huwezi. Yeye akasaga kwa awamu tatu na kadi ya nne ikagoma kupita. Zile freti mbili zikazizima kidogo zaidi, hilo ndo bei ya kushusha, akaamua anaweza kuvumilia.

Kuna sehemu moja zaidi ambayo watu hawaangalii, kule kichwani. Bonyeza nyuzi kwenye freti ya tatu, halafu chungulia juu ya freti ya kwanza, nyuzi inatakiwa karibu iguse, upenyo wa karatasi tu. Pakiwa juu, zile kodi za mwanzo zote zinaumiza na zinapanda kidogo noti yake, na kodi ya F utaichukia bure. Kuchimba mifereji ile kunahitaji mkono wa pole, ukizidisha nyuzi ikiwa wazi itazizima moja kwa moja, kwa hiyo kama huna uhakika iache, tyuni gitaa zima chini kwa toni moja nzima, yaani hatua mbili za freti, na uweke kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni, freti ya pili. Nyuzi zinalegea, kapo inafanya kazi ya kile kipande cha kichwani, na video zote bado zinalingana na wewe. Nafasi za freti zinakuwa nyembamba kidogo pia, vidole vya mtu mzima aliyeanza kukakamaa vinafika.

Baada ya hapo ukisikia kuzizima, usijilaumu wala usililaumu gitaa kabla ya kupima. Piga noti hiyo moja peke yake, kidole nyuma tu ya freti, kwa nguvu ya kutosha. Ikitoka safi, basi kwenye kodi kidole kingine ndo kinaigusa, ni wewe. Ikizizima hata hivyo, ni gitaa. Na kila Jumapili jirekodi dakika moja kwa simu uiweke, usiisikilize mpaka kesho yake, maana ukiwa unapiga akili iko kwenye vidole, masikio hayapo.

Shemeji ana miezi tisa sasa. Kodi saba anazibadilisha bila kuangalia, F bado inamsumbua, na kile kishikio cha nyuzi ya tatu hajanunua, anazungusha kwa koleo anayoweka kwenye mfuko wa begi pamoja na chaki.